Mstari wa Kwanza

Ukurasa ulikuwa na hatua kumi na moja, na Evelina alitakiwa kubakiza sita. Kazi hiyo aliijua. Kwa miaka tisa, katika ofisi ndogo ya chama cha wakulima pale Lushoto mjini, alikuwa akipokea maandishi ya wataalamu na kuyapunguza mpaka mtu aliyeishia darasa la nne aweze kuyasoma akiwa na jembe begani. Wataalamu huandika kana kwamba wanalipwa kwa uzito wa maneno. Penye “hakikisha unyevu wa nafaka umeshuka kufikia kiwango stahiki,” yeye aliandika “anika mahindi mpaka yakauke.” Watu walimsifu kwa hilo, na alikuwa na mkono mwepesi wa kufuta.

Mkono huo ndio uliofuta mstari mmoja mwaka jana. Toleo lile la jarida lao lilihusu vidonge vya kuua dumuzi, wadudu wa mahindi, vile vinavyotoa gesi, na mtaalamu alikuwa ameandika kwamba ghala lisiwe mahali wanapolala watu. Evelina aliona mstari huo unakula nafasi. Nani asiyejua? Akaufuta, akaacha: “Weka magunia katika chumba kinachofungwa vizuri.” Mchapaji alikuwa anasubiri, kwa hiyo hata lile zoezi la kumsomesha mkulima kwanza, kisha aeleze mwenyewe atakachofanya, waliliruka.

Karibu na Lukozi mwanamke mmoja aitwaye Saumu alilisoma jarida, akalifuata. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja tu chenye mlango wa kufunga, kama nyumba nyingi za milimani, na humo ndimo yalimolala mahindi na humo ndimo alimolala binti yake, Hawa, mwenye miaka sita. Usiku huo Saumu mwenyewe alikuwa amekwenda kumuuguza mama yake, na mumewe alilala sebuleni. Alirudi asubuhi, akamkuta Hawa haamki.

Tangu alipopata habari hizo, Evelina alikuwa amekufa ganzi. Alikula, alienda ibadani Jumapili, alicheka mahali pa kuchekea. Alijaribu kulia mara mbili akashindwa, kisha akaacha kujaribu.

Sasa walikuwa wanatoa toleo jipya, la mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo haihitaji dawa kabisa. Fanueli, mkuu wa ofisi, alisimama nyuma ya kiti chake akasoma.

“Safi. Ila vidonge usivitaje kabisa, dada. Tusiwakumbushe watu.”

“Bado wananunua. Watavitia humo humo kwenye mfuko.”

“Sisi tunaandika habari za mifuko.” Fanueli hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu, na woga wake ulivaa tai. “Kesho asubuhi liende kwa mchapaji.”

“Nitakwenda kumsomesha mkulima kwanza.”

“Nani?”

Alipomtaja Saumu, Fanueli aliketi. Aliuliza wakubwa watasema nini, alisema yule mama aachwe na msiba wake, na kwa hili la pili alikuwa na haki. Evelina alikunja karatasi, akachukua bodaboda.

Njia nzima ukungu ulikuwa chini, akina mama wakishuka na mizigo ya kabichi, na yeye hakufikiri kitu. Jambo moja tu lilimsumbua: amwite nani? Hapo kwao mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kumwita mama Hawa ni kumtonesha, na kutomwita ni kumzika mtoto mara ya pili.

“Hodi.”

“Karibu.” Saumu alikuwa barazani akichagua maharage kwenye ungo. Mwanamke mwembamba, mdogo kwa Evelina kwa miaka kama kumi. “Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Pole na kazi, mama Hawa.”

Mikono ya Saumu ilisimama kidogo juu ya ungo, halafu ikaendelea. Alimsogezea kigoda. Evelina akasema anatoka kwenye jarida, kwamba ameleta toleo jipya, na kama mwenyewe hataki ataondoka sasa hivi.

“Lete.”

Saumu alisoma polepole, kidole kikitembea. Kisha Evelina alichukua karatasi, kama kazi inavyotaka, akamwomba aeleze kwa maneno yake.

“Naanika. Nachukua chupa kavu, natia mahindi kidogo na chumvi kavu, nafunga, natikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, bado hayajakauka, narudi kuanika. Isipoganda, najaza mfuko wa ndani. Nakandamiza hewa itoke, nasokota mdomo, naukunja, nafunga kwa kamba. Wa pili hivyo hivyo. Wa nje hivyo hivyo. Naweka mahali pakavu na salama. Salama ni wapi?”

“Pasipo na panya. Pasipo na maji.”

“Kwangu salama ni mle chumbani. Mahindi yakikaa jikoni yanaibwa. Ungeandika hivyo.”

Evelina aliandika pembeni: *chumbani ni sawa, mfuko huu hauna dawa.* Aliandika bila kuhisi kitu, na hilo lilimchukiza.

“Na vidonge?” Saumu aliuliza. “Jirani yangu ana mfuko huu tangu mavuno. Alitia viwili ndani, ili awe na uhakika. Nilimwambia, akaniambia jarida halijakataza.”

“Viko chumbani anamolala?”

“Nilivitoa mwenyewe. Nilipiga kelele mpaka watu wakajaa. Nilimhamisha na watoto wake siku hiyo hiyo.” Alitupa haragwe bovu uani. “Mimi jarida lenu nililifuata, dada. Watu wanasema sikusoma. Mume wangu amerudi kwao, naye anasema sikusoma. Nilisoma mara tatu. Liliandika chumba kinachofungwa.”

Hapo Evelina alijua alichokuwa amekuja kukifanya, na kwamba zoezi la kusomesha lilikuwa kisingizio.

“Kulikuwa na mstari,” alisema. “Mtaalamu aliuandika. Mimi niliufuta.”

Saumu hakuinua macho. Kuku alipita kati yao akadonoa haragwe lililotupwa.

“Uliufuta kwa nini?”

“Nafasi ilikuwa haitoshi. Nikadhani kila mtu anajua.”

“Ulisemaje huo mstari?”

“Watu wasilale mle yalimowekwa magunia.”

Saumu aliweka ungo chini. Evelina alingoja tusi, alingoja kofi, kwa kweli alivitamani, kwa kuwa vingekuwa kitu cha kuhisi. Mama yule alinyoosha mkono akataka kalamu, akaishika, kisha akamrudishia.

“Andika wewe, mimi mwandiko wangu mbaya. Weka juu kabisa, kabla ya kuanika. Na usiandike watu. Mtu akisoma watu, anafikiri ni wengine. Andika wewe na mwanao.”

Evelina aliandika juu ya hatua ya kwanza: *Vidonge vya gesi vinaua. Usivitie kwenye mfuko huu. Wewe na mwanao msilale kamwe kwenye nyumba yenye vidonge.* Fanueli angekasirika. Ilibidi jambo lingine litoke ili hili likae, akafuta aya nzima ya shukrani kwa wafadhili.

Saumu aliichukua karatasi, akayasoma maneno hayo mapya kwa sauti, neno kwa neno, bila kukwama. Aliyasoma tena, mara hii kwa Kishambaa, taratibu, kama anayemwambia mtu aliyekaa karibu. Halafu aliikunja karatasi vizuri, pembe kwa pembe, akamkabidhi.

“Imetosha,” alisema. “Sasa nenda ukachape. Na kwa mume wangu utakwenda wewe, ukamwambie kwamba nilisoma.”