Mashuka Yenye Matundu

Shuka la nne la siku hiyo lilitoka na matundu. Kimya alilishika pembe mbili, mwenzake wa meza ya kukunjia akashika mbili, wakaliinua kuelekea dirishani, na mwanga ukapenya sehemu tatu.

Pale kwenye kiwanda cha kufulia, Kimya walimpa jina hilo kwa sababu angeweza kukunja mashuka mia bila kufungua mdomo. Hakuwa bubu. Aliishia darasa la saba, akaingia kazini, akajifunza kutazama. Sasa alipitisha kidole kando ya tundu. Nyuzi zilimeguka kama majani makavu. Kisu hakiachi ukingo wa namna hiyo. Hii ilikuwa dawa ya kung'arisha, tena kali, haijaguswa na maji.

"Usimwonyeshe Mama," mwenzake alinong'ona.

Mama alikuwa ameshasimama nyuma yao. Ndiye mwenye kiwanda, na tangu shuka la kwanza litoboke alikuwa akitembea kwa viatu vya raba, asisikike.

"Hoteli wamenirudishia sita wiki iliyopita," alisema. "Wamesema wakiona tena hata moja, wanahama. Sasa nisikilizeni. Mashuka haya hayakuwa na matundu kabla hawa wanne hawajaja. Likitoka jingine kabla ya Jumamosi, wanne wote wanafunga virago."

Wanne wenyewe walikuwa pale kwenye mashine, hatua kumi tu. Walikuwa wametoka ng'ambo ya mpaka mwezi mmoja uliopita, na Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni na cha shuleni kidogo. Mkubwa wao walimwita Shangazi, maana mdogo wao, binti mwenye macho makali, alikuwa mtoto wa kaka yake. Walimwangalia Mama, wakaangaliana, wakatikisa vichwa kukubali. Kukubali nini, Kimya alijiuliza.

Tangu siku hiyo kila mtu alikaa chonjo. Stoo ilitiwa kufuli. Wafuaji wa zamani walikatisha mazungumzo wakimwona mmoja wa wanne anapita, na wanne nao wakasogeza vichwa karibu, wakazungumza lugha yao kwa sauti ya chini. Ndipo wenzao walipozidi kuwashuku.

"Wanapanga," alisema msimamizi. "Mimi watu wa namna hii nawajua. Ukiwaambia, ndiyo. Ukigeuka, wanakufanyia kusudi."

Msimamizi aliitwa Redio, na jina lilimkaa. Kila asubuhi kabla ya mashine kuwashwa alisimama juu ya kreti ya sabuni, akawapa maelekezo ya kazi, na watu walikuja mapema ili wasipitwe. Asubuhi iliyofuata Kimya hakumtazama Redio. Alitazama nyuso za wale wanne.

"Wapendwa wangu!" Redio alianza. "Huyu mzee wa weupe ana hasira za mama mkwe! Ukimwendea kichwakichwa, anakuvua nguo hadharani! Maji yapige hodi kwanza, yaingie, yakae kitako, ndipo mkali naye apande jukwaani. Sasa atakayejitia hamnazo, asije kunililia mimi, mimi sina kifua cha kulilia!"

Kiwanda kizima kikaangua kicheko. Wale wanne nao walicheka. Lakini walicheka wakiwa wamechelewa, kidogo tu, kama mtu anayeitikia wimbo asioujua, na macho yao hayakuwa kwa Redio. Yalikuwa kwenye midomo ya majirani zao.

"Tumeelewana?" Redio aliuliza.

"Ndiyo!" walijibu wanne, kwa sauti kuliko wote.

Kimya alimfuata yule binti bombani.

"Dada, Redio amesema nini leo?"

Binti alifunga bomba. "Kwa nini unauliza?"

"Nataka kujua tu."

"Nani amekutuma? Mama?" Alimkazia macho mpaka Kimya akajiona mwizi. "Mimi nimeelewa. Mimi nafanya kazi yangu."

Akaondoka. Kimya akabaki na ndoo yake. Huenda Redio alisema kweli. Huenda binti huyu alijua anachokifanya, ndiyo maana akawaka. Au hakuelewa hata neno moja, na akikiri ataonekana hafai, na asiyefaa hana kazi. Kimya aliyageuza yote mawili kichwani siku nzima, huku akipiga pasi foronya. Jioni akaenda ofisini kwa Mama.

"Naomba kesho maelekezo niyatoe mimi."

Redio alikuwa humo humo, akihesabu glavu. "Wewe? Mdogo wangu, mwaka mzima hujamaliza sentensi!"

"Unamtetea nani?" Mama aliuliza taratibu.

"Simtetei mtu, Mama. Sijajua bado kama wanaharibu kwa kusudi. Ila naona hawasikii tunachosema."

"Masikio wanayo," alisema Redio.

Mama alimpima kwa macho kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kandambili. "Kesho. Nitakaa hapo hapo nikuone."

Njiani kurudi nyumbani Kimya alijaribu kuyasema maneno yenyewe, na ndipo alipotambua ugumu wake. Kila alipofungua mdomo mchezo wa maneno ulimtoka wenyewe. "Dawa hii usiilalie masikio." Hapana. "Usiivamie." Hapana. Akakumbuka kwamba Redio, kwa pumzi moja, aliiita dawa mzee wa weupe, kisha mkali. Mtu aliyejifunza lugha ukubwani angejuaje kwamba wote hao wawili ni dawa ya dumu moja? Basi yeye ataiita dawa, mwanzo mpaka mwisho. Sabuni itabaki sabuni. Sentensi moja, jambo moja. Akifika mwisho, anyamaze kidogo, waimeze.

Asubuhi hakupanda juu ya kreti. Alisimama kando ya mashine, dumu likiwa mguuni pake. Mama aliketi kwenye stuli, mikono kifuani.

"Kwanza nataka kuona," Kimya alisema. "Shangazi, chukua dawa. Nionyeshe. Unafanya nini kila siku?"

Binti alidaka mkono wa shangazi yake. "Usiende! Ni mtego. Wanataka wakuone, wakufukuze."

Wafuaji wa zamani wakaguna. Kimya hakuwa amelifikiria hilo: Mama yupo pale, na likienda vibaya, yeye ndiye atakuwa amewapeleka wanne mlangoni.

"Si mtego," alisema. "Mimi nataka kujua."

Shangazi alimtazama muda mrefu, kama anayepima kitambaa kwa vidole. Kisha akautoa mkono wake. Akachota dawa kikombe kimoja, akafungua mlango wa mashine, akakinyanyua kikombe juu ya mashuka makavu.

"Simama!" Mama aliruka kutoka kwenye stuli. "Mmeona? Mmeona kwa macho yenu? Na mimi nilikuwa najiuliza!"

"Nilisema mimi!" Redio akadakia. "Nilisema!"

Kimya alikipokea kikombe kutoka kwa Shangazi, akakiweka chini. Kama angenyamaza sasa, mambo yalikuwa yamekwisha.

"Shangazi. Nani alikufundisha hivi?"

"Hakuna mtu." Shangazi alinyoosha kidole kwa mfuaji wa zamani, mashine ya jirani. "Nimeona yeye. Anaweka nguo. Anamwaga juu. Anafunga. Mimi nafanya hivyo."

"Mimi namwaga sabuni!" yule mfuaji akang'aka. "Sabuni ya unga, mama wee, haina neno hata nguo ikiwa kavu! Dawa ni baadaye!"

"Baadaye," Shangazi alirudia. "Hilo mimi sikusikia."

"Kila siku nasema maji kwanza!" alisema Redio.

Sasa binti ndiye aliyejibu, akiwa amevimba. "Wewe unasema mama mkwe. Unasema jukwaa. Unasema hodi. Watu wanacheka. Sisi tunacheka. Baadaye tunaulizana, tunakosa. Tunaangalia mikono ya watu."

Redio alimgeukia Mama.

"Au mmepanga hili jana," alisema Mama, akimgeukia Kimya. "Umewafundisha cha kusema."

"Basi tupime, Mama. Mimi naeleza mara moja. Wewe uchague nani afanye."

Akanyanyua dumu.

"Hii ni dawa. Dawa inatoboa nguo kavu." Alishika lile shuka bovu, akapitisha kidole tunduni. Akanyamaza. "Kwanza, sabuni. Mashine inafua. Maji machafu yanatoka. Maji mapya yanaingia. Angalieni hapa." Akagusa mstari mwekundu kwenye kioo cha mlango. "Maji yanafika kwenye mstari huu. Sasa ni wakati wa dawa. Vaa glavu. Chukua ndoo. Weka maji nusu ndoo. Weka dawa kikombe kimoja ndani ya maji. Mimina hapa juu, kwenye kisanduku. Hapo dawa haitaleta, haitawaletea za ku—"

Ulimi ulikuwa umeshaanza kuteleza. Aliona nyuso nne zikijifunga kwa pamoja. Akarudi nyuma.

"Samahani. Nasema tena. Hapo dawa haitoboi nguo."

Nyuso zikafunguka. Nyuma mtu akacheka. "Tumerudi chekechea!"

"Sisi si watoto," binti alisema kwa ukali, na Kimya hakujua kama alikuwa anamjibu yule au yeye.

"Hapana. Ninyi ni watu wazima," alisema Kimya. "Mnajua lugha mbili. Mimi najua moja."

Hakuuliza kama wameelewa. Mama alizunguka mbele ya wanne, akamchagua aliye mkimya kuliko wote, mwanamke mfupi ambaye mpaka siku ile hakuna aliyemsikia akitamka zaidi ya ndiyo. Mashine ikawashwa. Kiwanda kizima kikasimama kutazama dirisha la mashine kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Sabuni. Maji machafu yakatoka, mapya yakaanza kupanda. Redio alisogea ubavuni, akanong'ona, "Weka tu, mama, yametosha." Mwanamke mfupi alitazama mstari. Maji yalikuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole.

"Bado," alisema.

Akasubiri. Maji yakafika. Akavaa glavu, akapima maji, akaweka kikombe kimoja, akamimina kisandukuni.

Mashuka yalitoka meupe. Mama aliyainua moja moja dirishani kwa mikono yake mwenyewe, kisha akayageuza, akayatazama upya kwa upande wa pili, kana kwamba matundu yangeweza kujificha. Ilipofika Jumamosi alikuwa ametazama mashuka mia tatu na ushei. Hakusema wamebaki. Alisema tu kwamba wiki ijayo zamu ni kama kawaida, wanne wakiwemo, na kufuli ya stoo akaiacha pale pale.

Jumatatu Redio alipanda kreti yake. Mama alikuwa stulini.

"Leo tuna taulo," alisema Redio. Akameza mate. "Taulo ni nzito. Weka taulo ishirini. Usizidishe."

Wafuaji wa zamani wakaangaliana. "Anaumwa?" mmoja akauliza. "Amenuna huyu," akajibu mwingine. Redio alimtupia Kimya jicho ambalo halikuwa na urafiki hata chembe, akaendelea na maji, na moto, na ukaushaji, akaanza kukolea, sentensi ikarefuka, ikapinda, ikabeba mama mkwe mgongoni.

Mkono ulinyooshwa katikati ya watu. Ulikuwa wa binti.

"Sijaelewa," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kusikika kutoka kwa mmoja wa wanne. Redio alimtazama, akamtazama Mama, akashuka kwenye kreti, akachukua taulo mkononi.

"Hii ni taulo," alianza upya.