Kidole Gumba cha Muzee Anastase

Tangu baba apigwe na kiharusi, kila mtu nyumbani kwetu Majengo alijifanya kinywa chake. Mama anasema Muzee hataki supu. Baba mdogo Byiringiro anasema Muzee ametaka ghala la maharage lifungwe. Muzee mwenyewe anakodoa macho tu. Upande wake wote wa kulia ulilegea, ulimi ukawa mzito, na neno likijitahidi kutoka linatoka limepondeka, huwezi kulitofautisha na kikohozi. Lakini akili ilikuwa timamu. Mimi naijua akili ya baba yangu. Niliiona machoni mwake, na ilikuwa imekasirika.

Nami si mtu wa kukaa nikangoja. Mama husema nilizaliwa nikiwa njiani kwenda mahali. Wiki ile ndiyo kabisa, sikuweza kumaliza kikombe cha chai nikiwa nimeketi, maana Jumamosi familia ya Fortunat Bagalwa ilikuwa inakuja kuniposa. Ni watu wa upande wa Bukavu, Wakatoliki, wenye salamu ndefu. Fortunat anafanya kazi ya ofisi kule Himbi na anacheka kwa sauti kuliko inavyofaa. Nampenda, niseme tu.

Baba mdogo alikuwa ameshatangaza kwamba yeye ndiye atakayejibu wageni kwa niaba ya kaka yake, na jibu lake sote tulilijua: tungoje Muzee apone. Daktari alikwisha kutuambia kupona huko kutakuwaje. Kungoja Muzee apone ilikuwa njia ya heshima ya kusema hapana. Na baba, kabla hajaugua, hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alikuwa akisema, "Tutaona." Basi nilitaka neno lake. Nilijidanganya kwamba hata likiwa hapana nitalipokea, mradi liwe lake.

Simu ilikuwepo. Kaka yangu Ndayambaje alimtumia baba kutoka Kampala, kubwa kama kibao cha kukatia nyama, akidhani ukubwa ndio msaada. Baba aliishika kwa mkono wa kushoto, uliobaki mzima, na kidole gumba kikaishia katikati ya kioo. Herufi za upande wa pili aliziona tu. Tukaiweka juu ya meza aandike kwa kidole cha shahada, ikawa inateleza kila anapoigusa, kwa kuwa hakuna mkono wa pili wa kuizuia. Zaidi ya hapo kidole kilitetemeka, kikagusa vitufe viwili kwa pamoja. Wakubwa wakaamua kwamba simu imeshindikana. Mama akaanza kuitumia kama tochi umeme ukikatika.

Ilinichoma. Kwa sababu mimi ni mashoto, na mambo hayo nayajua.

Baba ndiye aliyenipinda. "Samaki mkunje angali mbichi," alikuwa akisema, huku anaufunga mkono wangu wa kushoto kwa kitambaa wakati wa kula. Akafaulu. Nikila, nikisalimu, nikimpa mtu kitu, natumia wa kulia kama mtoto wa watu wenye adabu. Lakini simu haikuwa na mila wakati ule, hakuna aliyekumbuka kunikataza, na tangu nipate ya kwanza naishika kwa kushoto.

Nikaketi kando ya kitanda chake. Niliingia kwenye mipangilio, nikawasha ile ya kutumia mkono mmoja, kisha nikateremsha kidole pale katikati ya ukingo wa chini. Kioo chote kikajikunja, kikawa kidogo, kikakimbilia pembe ya kulia. Vitu vyote hudhani mtu ana mkono wa kulia. Pembeni palikuwa na mshale. Nikaubonyeza, kikahamia kushoto, chini, mahali kidole gumba cha baba kilipokuwa. Sehemu iliyobaki ikawa nyeusi tupu. Nikamwonya kwamba asiiguse, akiigusa kioo kitarudi ukubwa wake.

Sasa vitufe vikawa vimefika, lakini vimekuwa vidogo zaidi. Basi kwenye kibodi nikachagua mwandiko. Vitufe vikaondoka, pakabaki uwanja mtupu: unachora herufi kwa kidole, simu inazipiga chapa. Kwanza niliuacha kwenye Kifaransa. Nilipojaribu kuandika ndiyo, simu ikaandika radio. Nikaongeza Kiswahili kwenye orodha ya lugha, nikachagua mwandiko wa hapo, ikatulia.

"Papa, andika."

Alivuta mkono, akauficha chini ya blanketi.

"Papa, ni mimi tu niko hapa."

Akageuza uso ukutani. Nilielewa, na nilipoelewa ndipo nilipopandwa na hasira. Aliona aibu. Mkono wa kushoto ndio aliokuwa akinifunga mimi kwa kitambaa.

"Ule mwingine umelala, Papa! Utangojea uamuke ndio useme?" Nikatoka, nikatembea juu ya mawe ya uani mpaka kisigino kikaumia, nikarudi. Simu ilikuwa kifuani pake. Kwenye ule uwanja mdogo palikuwa na neno moja: *Chumvi*.

Supu ya siku zote hizo haikuwa na chumvi, na tuliambiana kwamba Muzee hana hamu. Mama akalia, kisha akaenda kuleta chumvi, kisha akalia tena.

Baada ya hapo hakukamatika. Aliandika polepole, herufi mbili tatu, anapumzika, simu inazimeza, anaendelea. Aliandika kwamba ghala lifunguliwe, nani aliyesema lifungwe. Aliandika kwamba jogoo wa jirani ni mjinga. Lakini kila nilipopiga magoti na kumuuliza, "Papa, kuhusu Fortunat unasemaje?" aliniangalia muda mrefu, kidole kikaenda, na mimi moyo juu, kumbe ameandika: *Funga dirisha*. Kesho yake: *Chai*. Nilikuwa karibu kuila ile simu.

Jumamosi ikafika. Kwa desturi yetu msichana haonekani mpaka aitwe, kwa hiyo nilifungiwa chumbani na mama na shangazi Mukakalisa, nimevalishwa, nimepakwa mafuta, sijui niweke wapi mikono. Nilisimama nyuma ya pazia. Shangazi aliniambia niketi. Nikaketi, nikasimama.

Sebuleni salamu zilimalizika. Muzee Namegabe, msemaji wa akina Bagalwa, akaeleza walichokuja kutafuta, kwa mafumbo, kama inavyotakiwa. Baba mdogo akakohoa, akaanza: "Tumesikia, na tunawashukuru. Lakini kama munavyoona, Muzee ni mugonjwa..."

"Tunamuona," Muzee Namegabe akasema. "Lakini kijana wetu ametuambia Muzee iko naandika. Tungependa neno yake mwenyewe, hata kama ni moja."

Nilichungulia. Baba alikuwa kwenye kiti cha mikono, ameegemezwa mito, simu mkononi kama nilivyomtengenezea asubuhi. Akainua kidole. Na hapo baba mdogo akamwinamia, si kwa ubaya, Mungu ni shahidi, uso wake ulikuwa wa mtu anayemfunika ndugu yake aliye uchi.

"Yaya, hapana na kushoto mbele ya bakwe," akamnong'oneza kaka yake mbele ya hao wakwe, nasi wote tukasikia. Alikuwa ameniona nikiubonyeza ule mshale. Akaubonyeza. Kioo kikarukia upande wa kulia, upande wa heshima, mahali ambapo adabu ilikuwa kamili na kidole cha baba hakifiki.

Baba alijaribu. Alinyoosha kidole gumba mpaka kiganja kikaachia, simu ikainama, akaishika, akanyoosha tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Sauti ikamtoka, ile iliyopondeka, na wageni wakatazama chini kwa huruma. Huruma hiyo ilinichoma kuliko yote.

"Muzee amechoka," baba mdogo akasema. "Tutangoya apone."

Shangazi alishika kitenge changu cha mabegani. Kikabaki mkononi mwake. Nilipita pazia nikiwa sijaitwa, mbele ya bakwe, na nikasikia mtu akivuta pumzi. Fortunat alikuwa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, sikumtazama. Nilipiga magoti kwa baba, nikabonyeza mshale, kioo kikarudi kushoto, chini ya kidole chake.

"Munezero!" baba mdogo akasema. "Neno ya mukono ya kushoto tutaipokea namna gani? Bageni batasema tumewatukana."

Nilifungua kinywa, na sijui ningesema nini, maana nilikuwa na maneno mabaya tayari. Muzee Namegabe alinitangulia.

"Mukono Mungu alimuachia njo huo," akasema. "Sisi tunangoya."

Baba akaanza kuandika. Nilipaswa kurudi chumbani, sikurudi. Nilipaswa kuangalia sakafu, nikaangalia kidole. Alichora M, kubwa, ya kutetemeka, akapumzika. Chini ya mapigo ya moyo wangu nilikuwa namsukuma: andika nakubali, Papa, andika ndiyo, ni fupi. Akachora herufi nyingine. Akakosea, akafuta, akaanza upya. Mtoto wa jirani alilia nje na kunyamaza. Alipomaliza alimnyooshea simu mdogo wake, kwa mkono wa kushoto, mkavu, bila kuomba radhi.

Ilibidi baba mdogo asome, yeye ndiye msemaji. Alisoma kwanza moyoni, akamtazama baba, akasoma kwa sauti.

"*Mumuulize Munezero.*"

Kwetu msichana hupewa nafasi ya kuinamisha kichwa, watu wakasema amekubali. Kuulizwa hivi, kwa jina, mbele ya wazee wa pande mbili, sijawahi kusikia. Nilimgeukia baba anisaidie. Alikuwa ameulaza mkono pajani, ametulia, ananitazama kama alivyonitazama kila nilipopiga magoti nikimuuliza na yeye akaniandikia dirisha. Ndipo nilipotambua, nikaona haya hadi masikioni. Nilikuwa nimekasirikia kila mtu aliyemsemea, na mimi wiki nzima nilikuwa namshika kidole ili anisemee.

"Binti," Muzee Namegabe akasema taratibu, "Muzee amesema tukuulize. Basi tunakuuliza."

Mimi nisiyeweza kunyamaza, mimi ninayejibu kabla swali halijaisha, nilibaki nimepiga magoti pale. Sikuwa nimejiandalia hata neno moja. Yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya baba.

"Namupenda," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, imepondeka, nikairudia ili wote waisikie. "Namupenda Fortunat. Nitaenda naye."