Barua ya Mistari Mitano

Mama Estelle alitembea kutoka mtaa wa Katwe hadi mtaa wa Kamwokya akiikariri barua yake njia nzima, na alipofika kwenye kibanda cha Dolphine hakungoja hata kukaa.

"Andika, mwanangu. Andika kwamba siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, mfereji ukafurika, maji yakafika kitandani. Nikatoka naogelea."

"Unaogelea, mama?"

"Karibu kuogelea. Nikapanda boda boda, ikagongwa. Niko pale chini, wezi wakanivamia, wakachukua simu. Nikalazwa siku tatu, sijitambui."

Dolphine alikuwa Mkenya, kazi yake kuwachapia watu barua. Aliandika yote kwa kalamu katika daftari. Ndiyo desturi yake: kwanza mtu ayamwage kwa Kiswahili, kisha wapunguze pamoja, ndipo ageuze Kiingereza na kuchapa.

Barua ilikuwa ya ofisi ya wakimbizi. Mama Estelle alikuwa ameyangoja mahojiano yake miaka miwili, na siku ilipofika hakutokea. Asipoleta sababu kwa maandishi kabla ya Ijumaa, faili lingefungwa. Na yeye, nje ya faili lile, hakuwa ameandikwa popote tena duniani.

"Hospitali gani?" Dolphine aliuliza.

"Andika tu hospitali."

"Watataka karatasi ya kulazwa." Alikata mstari. "Na polisi, uliripoti wezi?"

"Hapana."

Akakata. "Simu ilichukuliwa. Hiyo mkononi ni ya nani?"

Mama Estelle aliiingiza simu ndani ya kitenge chake.

"Mama, kila jambo unaloongeza linakuja na swali lake. Ukiwapa matano, watakuuliza matano. Kwenye la pili utakwama, na hata la kweli hawataliamini tena."

"Barnabé wa kanisani aliniambia, bila damu hawasomi."

"Na yeye Barnabé walimpa tarehe nyingine?"

"Bado anangoja."

Dolphine alicheka, na Mama Estelle naye akacheka, ingawa hakutaka.

"Haya, mvua ilinyesha kweli?"

"Ilinyesha. Wiki nyingine."

Mstari wa mwisho uliobaki ukakatwa. Ukurasa mzima ukawa michirizi mitupu.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, napinda pindo la gauni la mtu."

"Kwa nini hukwenda?"

Mama Estelle alitazama nje. Kusema mafuriko kulikuwa rahisi. Mafuriko humkuta yeyote. Hili lingine lilikuwa lake peke yake.

"Walinitumia ujumbe kwenye simu," alisema taratibu. "Kwa Kiingereza. Kiswahili nasoma, Kiingereza sijui. Zamani alikuwapo jirani yangu, Akwero, jioni ananisomea jumbe zote. Akwero alirudi kwao Gulu. Sasa kampuni ya simu inatuma matangazo kutwa, nami nikadhani ni hayo. Nilipokwenda ofisini kuulizia, mlinzi wa lango ndiye aliyenisomea. Siku nane zilikuwa zimepita."

"Ujumbe bado upo?"

"Upo."

"Basi hiyo ndiyo barua."

"Hiyo? Watasema mwanamke huyu hana mtu!"

Dolphine alifungua ukurasa mpya. Aliandika, kisha akamsomea: "Nilikosa mahojiano yangu. Ujumbe ulifika kwa wakati, lakini sisomi Kiingereza na sikuwa na mtu wa kunisomea. Nilijua baada ya siku nane, mlinzi wa lango aliponisomea. Ujumbe ninao katika simu. Naomba radhi, na naomba tarehe nyingine."

Mama Estelle alisikiliza. Barua yake yote ilikuwa imekwisha kabla hajavuta pumzi ya pili.

"Fupi hivyo?"

"Fupi, mama. Lakini uliza swali lolote, jibu unalo."

Alhamisi Mama Estelle aliipeleka, imechapwa kwa Kiingereza. Afisa, mwanamke mwenye miwani, aliisoma, akaomba kuona simu, akalinganisha tarehe. Hakuuliza la hospitali. Aliuliza moja tu.

"Hapo unapokaa hakuna jirani mwingine?"

"Wapo. Majina yao sijui."

Afisa aliitikia kwa kichwa na kuandika kwenye kipande cha karatasi.

"Faili halifungwi. Hii ndiyo tarehe yako mpya. Nani atakusomea?"

Mama Estelle alifikiri. Angeweza kubuni tena: binti, au shemeji, au mchungaji.

"Nisomee wewe, sasa hivi. Nitaishika."

"Jumanne, tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi."

Aliishika. Aliteremka nayo kilima cha Nakasero akiinong'ona katikati ya magari: Jumanne, kumi na tisa, saa tatu. Alifika Katwe, akapita mafundi wakigonga mabati, akafungua kufuli, akaketi kitandani. Mle ndani gauni la mtu lilikuwa limelala pale alipoliacha.

"Jumanne," alisema kwa sauti, kama mtu anayemwambia mwenziwe. "Tarehe kumi na tisa. Saa tatu."

Kisha akachukua sindano.