Sura za Ofisi ya Chang'ombe

Picha za wafanyakazi zilikuja ndani ya bahasha ya kaki, na Zubeda alipozimwaga mezani alicheka peke yake. Hakukuwa na mbili zilizofanana hata kidogo. Gervas, dereva mkuu, alikuwa amesimama kando ya lori lake kule Makambako, jua limempiga machoni, uso mdogo kama punje ya kunde. Najat wa mapokezi alikuwa studio, nyuma yake pamechorwa maporomoko ya maji ya nchi asiyoijua. Khalfani, anayeshughulikia mizigo bandarini, alikuwa amekatwa kwenye picha ya harusi, na mkono wa mtu mwingine ulikuwa umebaki begani kwake. Bosi mwenyewe, Bwana Marijani, alileta picha ya pasipoti ya rangi nyeusi na nyeupe ya wakati ule ambao bado alikuwa na nywele.

"Sasa hawa ndo niwafanye wafanane?" aliuliza Zubeda.

"Si wafanane sura," alisema Talha, mwenye kompyuta na skana pale Kinondoni, ambaye ndiye aliyeipata kazi ya kuitengenezea kampuni ya Marijani Mizigo tovuti. "Wafanane mchoro. Mtu akifungua ukurasa aone watu wa nyumba moja."

Mwaka ule kila mwenye duka la maana mjini alitaka tovuti, hata wale ambao hawakuwa na uhakika inakaa wapi. Lakini Bwana Marijani alikuwa na sababu yake. Vishoka wa getini bandarini walikuwa wakijifanya watu wa kampuni yake, wakipokea karatasi za wateja wa mikoani na kupotea nazo. Alitaka mteja wa Songea au Mbeya azione sura kabla hajapanda basi, amjue wa kumkabidhi karatasi na wa kumkimbia. Na alitaka sura zote. Kama hata mfanyakazi mmoja angekosekana, alisema, basi ukurasa mzima uondolewe, maana hapo penye pengo ndipo kishoka atakapojiweka.

Zubeda aliitaka kazi hii kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Tangu amalize shule alikuwa akichora maandishi kwenye kuta za maduka ya watu, sabuni na soda, soda na sabuni, na hakuna aliyewahi kuuliza nani kachora. Talha alikuwa amemwahidi: sura hizi zikikubaliwa, jina lake litaandikwa chini ya ukurasa, na kazi nyingine za namna hiyo zitakuwa zake. Zikikataliwa, Talha alikuwa na sidii yenye vikatuni tayari, na Zubeda angerudi kwenye sabuni.

Akajiwekea masharti. Kila picha iliingizwa kwenye skana, ikakuzwa au kupunguzwa mpaka macho ya wote yakae kwenye mstari mmoja na kidevu kiishie pale pale. Akaziprinti. Kisha akaziweka juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, akatandika karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini, akazichora upya kwa kalamu ya unene mmoja. Mistari michache tu, ile ambayo ukiiondoa mtu anapotea. Maporomoko ya Najat yalikwenda zake, na mkono wa harusi pia. Wote walivishwa shati moja la kola, na wote nyuma yao pangekuwa na manjano ya aina moja. Rangi za ngozi alichagua chache, zinazotofautiana kweli, ili asimgeuze kila mtu kuwa chokoleti, na pia faili liwe dogo, maana kwa intaneti ya wakati ule, ya kupitia waya wa simu, picha nzito ilikuwa inashuka taratibu mpaka unasinzia.

Kilichomsumbua kilikuwa mwanga. Nusu ya watu walikuwa wamepigwa na mwanga kutoka kulia, nusu kushoto, na ukiwapanga pamoja vivuli vilikuwa vinagombana. Zubeda akapata njia ya mkato. Kwa zile za upande usiotakiwa aliigeuza tu karatasi yenye picha, wino ukawa chini, akaendelea kuzichora kutokea nyuma. Mwanga ukakaa sawa. Alijipongeza kwa kikombe cha chai.

Kisha akaenda Chang'ombe kumwonyesha kila mtu sura yake, mmoja mmoja, kama mshonaji anayepimisha nguo. Na hapo pakawa na jambo la ajabu. Waliogeuzwa walifurahi mno. Gervas aliikodolea yake macho akasema, "Eee, huyu ndiye mie kabisa." Wasiogeuzwa walinuna. Khalfani alidai mdomo wake umekwenda upande. Najat aliitazama yake akasikitika waziwazi.

"Sista, hapa umenionea. Huyu kama ndugu yangu asiyenipenda."

Aliirudisha mezani kwa hasira, na karatasi ikaangukia uso chini. Mistari ikaonekana kwa nyuma.

"Hiyo!" Najat akaruka. "Hiyo hapo! Ndo mie!"

Zubeda hakujiuliza kwa nini. Mteja kafurahi, mwache afurahi. Akazigeuza zote zilizobaki, na kwa kuwa vivuli vya mchoro anavichora mwenyewe, akavipanga upya vyote vikae upande mmoja.

Alibaki Bernadeta, keshia, mwenyeji wa Masasi, mwenye sauti ya kuimba kwaya na mkono mwepesi wa kuhesabu. Miaka miwili nyuma aliamka siku moja upande mmoja wa uso umelegea. Ulirudi kwa sehemu kubwa, lakini pembe moja ya mdomo ilibaki chini, na tangu hapo hakupiga picha. Aliyoitoa ilikuwa imekatwa kwenye picha ya ubatizo wa mpwa wake, na alikuwa amepigwa bila kujua.

"Shikamoo mama," alisema Zubeda.

"Marahaba mwanangu. Nakwambia mapema, nisipoipenda unaniondoa. Bosi akifoka na afoke."

Zubeda alikuwa ameuchora ule mdomo kama ulivyo. Alikuwa amejaribu kuunyoosha, na kila alipounyoosha Bernadeta alitoweka akabaki mwanamke yeyote tu mwenye shati. Sasa alimpa karatasi, nayo ameigeuza kama za wenzake. Bernadeta aliitazama muda mrefu.

"Haya," alisema hatimaye. "Huyu namjua. Mwache."

Zubeda alitoka pale akitembea kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Jumamosi Talha alikuja na kurasa kwenye disketi, akazifungua kwenye kompyuta pekee ya ofisi, iliyokuwa kwenye chumba cha keshia, kwa Bernadeta. Wote wakajazana nyuma ya kiti. Safu za sura zikajitokeza moja baada ya nyingine, manjano nyuma, kola shingoni, macho kwenye mstari mmoja. Zilipendeza. Zubeda alikuwa bado anaivuta pumzi ya raha aliposikia Najat.

"Huyu nani?"

"Gervas," alisema Talha.

"Gervas gani? Labda mdogo wake."

"Mie nimetoka sawa kabisa," alisema Gervas. "Ila wewe Najat umekosewa. Na Khalfani ndo simwelewi hata kidogo."

"Mie? Mbona mie niko sawa? Nyie wengine ndo mmeharibiwa!"

Chumba kizima kikawa soko. Kila mtu aliitetea sura yake na kumwonea huruma jirani. Bwana Marijani alitoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Zubeda, mwanangu, michoro mizuri. Lakini mteja wangu hatamtafuta Gervas anayeonwa na Gervas. Atamtafuta anayeonwa na watu. Talha, vile vikatuni vyako unavyo?"

Zubeda alihisi sabuni na soda zikimsogelea. Aliangalia safu zile, akazijua zote, akashindwa kusema kosa liko wapi.

Najat, ambaye hata ofisi ikiungua lazima kwanza aweke mtandio sawa, alikuwa ametoa kioo chake kidogo na kuipa kompyuta mgongo. Ghafla akaganda.

"Jamani. Njooni mtazame humu kwenye kioo. Gervas huyu hapa! Na Khalfani!"

Walipokezana kioo, kila mmoja akachungulia kompyuta kupitia bega lake mwenyewe, na kila mmoja akaguna. Humo ndani wote walikuwa wenyewe. Kipini cha Najat kilikuwa puani upande wake uleule, kovu la Gervas juu ya jicho lilelile. Zubeda alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mtu hajioni ila kwenye kioo, na yeye alikuwa amewachorea vioo vyao.

"Zigeuze, Talha," alisema. "Zote. Vivuli vitageuka pamoja, hakuna kitakachoharibika."

Talha akabofya, moja baada ya nyingine, na kila sura iliyogeuka ilipokewa kwa shangwe ya wote isipokuwa mwenyewe. Khalfani alisaga meno. Bwana Marijani aliuliza pua yake imepinda tangu lini.

Ikaja zamu ya Bernadeta. Ile pembe ya mdomo ikahamia upande wa pili, na yeye akasogea nyuma mpaka akagusa kabati.

"Niondoeni," alisema.

Talha akaondoa mkono kwenye kipanya. Bwana Marijani alimtazama Zubeda, na Zubeda akajua kwamba pengo moja ni ukurasa mzima, na hata hivyo hakuweza kufungua mdomo kumsihi mama wa watu.

"Mbona huyu mbaya zaidi?" Bernadeta aliuliza. "Yule wa kwanza nilikuwa nimeshamzoea. Nimepambana naye kwenye kioo miaka miwili kila asubuhi mpaka tukaelewana. Huyu simjui."

"Sie ndo tunamjua," alisema Gervas.

"Unasemaje?"

"Mama Bernadeta, mie nikitoka safari hapa dirishani ndo wa kwanza kuniambia pole. Huyo hapo." Alimwonyesha kwa kidole. "Mdomo ukishuka hivyo najua utani unakuja. Yule uliyempenda sijawahi kumwona hata siku moja."

"Na mie nilikuwa nauliza tangu mwanzo," Najat alidakia, "yule mwingine nani, kakaa kwenye kiti cha mama yetu?"

Bernadeta alirudi polepole mbele ya kompyuta. Akainama mpaka akakaribia kuigusa.

"Hivi ndivyo mnavyoniona? Siku zote?"

"Siku zote," walijibu, kila mtu kwa namna yake.

"Na bado mnanisalimia?" Machozi yalikuwa yamemjaa, na ile pembe ya mdomo ikashuka kama Gervas alivyosema. "Mie nilidhani mnageuka pembeni kwa huruma. Kumbe nyie mlishamzoea, mgeni wake nilikuwa mimi."

Akavuta kiti chake, akakaa.

"Mwacheni."

Bwana Marijani alikohoa kidogo, akasema basi, kwa kuwa mambo yamefika hapo, labda pua yake irudishwe ilivyokuwa mwanzo.

"Bosi," alisema Bernadeta, "pua yako ndiyo hiyo. Sie tumeizoea."