Keki ya Asali kwa Wageni wa Reli

Sukari ilipotea Itigi mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Duka la ushirika lilibaki na chumvi, viberiti na sabuni. Asali ndiyo iliyokuwapo. Mazengo, mrina asali wa kule vichakani, aliileta kwa madebe kila treni ilipokaribia, na safari hii Mama Theresia alinunua debe zima.

Mama Theresia alisimamia nyumba ya wageni karibu na stesheni. Alilitua debe mezani, akamtazama Selina, msichana wake wa jikoni.

"Maofisa wa reli wanashuka jioni hii. Wameagiza chai na keki. Sukari hakuna, kwa hiyo oka kwa asali."

"Ndiyo, mama."

"Ikiharibika, wewe na Dina mtabadilishana. Dina ataingia jikoni, wewe utapeleka sahani kwa wageni."

Dina alikuwa mlangoni na kitambaa chake cha kufutia meza. Alicheka. "Utawaambia karibuni chakula kwa sauti hiyo yako? Si watafikiri ni panya!"

Selina alivuta bakuli la unga karibu. Shule aliiacha darasa la tano, na hata huko mwalimu alipomuuliza swali alijificha nyuma ya wenzake. Kuliko kupita katikati ya wanaume waliovaa suti, kila mmoja akimwita binti, njoo, ilikuwa afadhali alime shamba zima peke yake. Jikoni hakuna aliyemtaka aongee.

Keki ya sukari aliijua kama njia ya kwao. Vikombe viwili vya unga, kikombe cha sukari, kikombe cha maziwa, mayai, siagi na bekingpauda. Jiko la chuma lilikuwa na saa yake ndogo ya kupimia joto mlangoni, na mshale ukifika mia tatu na hamsini, unaingiza. Lakini asali? Ilikuwa nzito, inang'ang'ania kijiko haitaki kushuka. Selina akakumbuka nyumbani, bibi yake akitengeneza pombe ya asali. Jambo la kwanza lilikuwa kuilainisha kwa maji ya uvuguvugu. Basi akapima kikombe cha asali, akamimina maji, akakoroga mpaka ikawa laini, akaichanganya na unga na maziwa yote kama kawaida.

Alipoitoa, haikuwa keki. Juu ilikuwa kahawia iliyoiva, chini ni uji. Akichomeka kijiti, kinatoka kimelowa.

"Ina ubichi," Dina alisema akichungulia. "Moto haukutosha. Ongeza kuni."

Maneno hayo yalionekana ya akili. Kitu kibichi si kinahitaji moto zaidi? Selina alikoroga nyingine bila maji ya kulainishia, kwa sababu hayo angalau aliyatilia shaka, lakini asali na maziwa aliviacha vile vile. Kisha akajaza kuni. Mshale ukapanda, ukapita mia nne. Haukupita muda, jikoni kukanuka kama sufuria ya karanga iliyosahauliwa. Alipofungua mlango, keki ilikuwa nyeusi kama mkaa, ikipasuka juu, na kupitia kwenye ule ufa ulionekana ndani mtelezo wa unga mbichi.

Sasa akachanganyikiwa kabisa. Juu moto umezidi, katikati moto haukutosha, na ni keki moja, jiko moja. Akashika sufuria kwa kitambaa akitazama tu.

Mama Theresia alikuja kwa harufu. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Selina zaidi.

"Kule Ilongero nilikotumika kwa masista," alisema akivuta pumzi, "kulikuwa na mmoja aliyeoka kwa asali. Kuna kitu alikuwa anapunguza. Sijui ni maziwa, sijui ni moto. Na kulikuwa na magadi soda, kidogo tu, ncha ya kijiko."

"Alipunguza kipi, mama?"

"Ningejua si ningekwambia? Mayai yamebaki ya keki moja. Fikiria."

Akaondoka. Nje, Mazengo alikuwa bado anapanga madebe yake matupu, na Selina akatoka, jambo ambalo hakulitarajia mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Eh, leo umeongea!"

"Asali ikiwekwa motoni, inakuwaje?"

Mazengo alijikuna kidevu. "Asali? Inaungua upesi kuliko sukari. Wewe unageuza kichwa, yenyewe imeshakuwa nyeusi. Sisi huyeyusha masega kwa moto mdogo sana. Na hii ya sasa ina maji kidogo, mvua zilikuwapo. Ukiiacha kwenye chombo wazi inavuta maji zaidi."

Ina maji. Selina alirudi jikoni akilirudia neno hilo. Asali yenyewe ilikuwa na maji. Kwa hiyo kikombe cha asali na kikombe cha maziwa vilikuwa majimaji juu ya majimaji, ndiyo maana katikati hapakuiva. Na ile sukari ya asali iliungua juu kabla moto haujafika ndani. Au ni kitu kingine? Hakuwa na hakika. Alichukua unga mara tatu mkononi akaurudisha.

Mwishoni akaamua kupunguza vyote, kwa sababu mayai ya kujaribu kimoja kimoja hayakuwapo. Asali aliweka robo tatu ya kikombe badala ya kikombe kizima. Maziwa akayapunguza kwa robo kikombe. Magadi soda, ncha ya kijiko, kwa vile asali ina uchachu. Kuni akazivuta nje mpaka mshale ukarudi mia tatu na ishirini na tano, na akakaa mbele ya jiko akiulinda usipande.

Keki ilichelewa. Treni ilipiga honi mbali, nayo ilikuwa haijaiva. Dina alianza kupanga vikombe akiimba, akamwonea Selina huruma kidogo, akaacha kuimba. Kisha kijiti kikatoka kikavu. Keki ilikuwa ya rangi ya udongo mwekundu, laini, na haikupasuka.

Maofisa waliimaliza. Dina alirudi na sahani tupu akisema, "Mmoja kauliza kama kuna nyingine. Nimemwambia mpishi kalala." Wote wawili wakacheka, Selina akiziba mdomo.

Mama Theresia alisimama mlangoni. "Jiko ni lako. Ila niambie, kilichoponya ni maziwa au ni moto?"

"Vyote nadhani, mama. Sijui kila kimoja ni kiasi gani."

"Haya. Kesho utaendelea. Ushirika wamepata sukari guru." Akaweka juu ya meza bonge jeusi lililofungwa kwa majani makavu ya migomba. "Hii nayo tunapunguza maziwa?"

Selina alimega kipande, akakisugua kwa vidole. Kilipukutika, kikaacha unyevu kidogo tu. Ilikuwa kavu, si kama asali, ingawa ilikuwa na harufu ya kuungua.

"Maziwa yabaki," alisema polepole. "Nitaisaga kwanza, kikombe badala ya kikombe cha sukari. Moto..."

Akalitazama lile bonge. Rangi yake ilikuwa nyeusi tayari. Sasa atajuaje ikiungua?

"Moto sijui, mama. Nitafutie yai moja la kujaribia."