Wewe Unayepiga Simu Jumapili

Jamani, kuchoka kuna ngazi zake. Kuna uchovu wa kulala ukaamka mzima, na kuna ule wa Fundi, ambao alikuwa akiamka nao, anakunywa nao chai, na anazunguka nao nyumba nzima, huu mwaka wa pili sasa. Tangu baba yake apigwe na kiharusi upande wa kulia, cherehani ilifunikwa shuka pale sebuleni na Fundi akabaki na jina tu. Kazi yake ikawa baba: kumlisha, kumsafisha, na kumgeuza kila baada ya saa mbili asije akatoka vidonda vya mgongo.

Kitu pekee kilichokuwa chake mwenyewe kilikuwa blogu. Aliiita Kando ya Kitanda, na aliiandika kwenye simu kwa kidole kimoja, baba akiwa amesinzia. Wasomaji wake walikuwa watu mia tatu hivi, wote wanauguza mtu.

Mlango wa pili aliishi mama mmoja mstaafu, aliyekuwa mhariri wa gazeti miaka thelathini. Jengo zima lilimwita Kalamu Nyekundu. Huyo alisoma kila andiko la Fundi kabla halijapandishwa, na usimwombe akuonee huruma, maana hana.

Mara ya kwanza waligombana kwa ajili ya kumgeuza mgonjwa. Fundi alikuwa ameandika kwa raha zake: "Mimi huanza kwa kumsemesha baba, halafu namkunja goti, ingawa siku nyingine huanza na mkono..." Msomaji mmoja akajibu chini: "Dada, nimesoma mara tatu, mume wangu ananisubiri kitandani. Sijui nianzie wapi."

"Si unaona?" alisema Kalamu Nyekundu. "Unamwonyesha ulivyo hodari. Yeye anataka kujua mkono auweke wapi. Kwenye maelekezo jitoe, mwanangu. Sema naye: wewe fanya hivi, wewe fanya vile."

Fundi alinuna, kisha akaandika upya. Simama upande atakaogeukia. Kunja goti lake la mbali. Mkono wake wa mbali ulaze kifuani. Weka mkono wako mmoja nyuma ya bega la mbali, wa pili nyuma ya nyonga, kisha mvingirishe taratibu kuja kwako. Usimvute kwa mkono uliopooza. Weka mto nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti. Ukiona ngozi imekuwa nyekundu, usiisugue.

Yule msomaji alirudi na neno moja tu: "Nimeweza." Fundi alilisoma jikoni, akalia mbele ya sufuria.

Baadaye akaandika kisa cha siku baba alipojaribu kufunga vifungo vya shati, akashindwa, akageukia ukuta. Safari hii, kwa kuwa ile "wewe" ilikuwa imemnoga, alianza: "Unaingia chumbani, unamkuta ameinamisha kichwa." Kalamu Nyekundu akamrudishia simu. "Mimi sikuingia chumbani kwenu. Aliyeingia ni wewe. Kisa ni chako, sema mimi." Haya, akabadilisha.

Basi ikafika Jumapili ile. Mdogo wake Fundi wa kike alikuwa mwalimu wa hesabu mji mwingine, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alipiga simu. Likizo ilikuwa imekaribia, na alikuwa ameahidi kuja wiki mbili amwangalie baba ili dada yake apumzike. Fundi alizihesabu siku hizo jinsi mtoto anavyohesabu siku za kufunga shule.

"Dada, shikamoo. Mnaendeleaje?"

"Marahaba. Tunaendelea vizuri."

"Afadhali. Sasa dada, kuna semina imeangukia likizo hii hii. Kama mambo ni mazuri, nilikuwa nafikiria nije likizo ile nyingine. Au unanihitaji? Sema tu."

"Aa, usijali," alisema Fundi. "Nenda semina yako."

Alikata simu, akaanza kuizunguka sebule kwa hasira. Loo! Mtu anaulizwa, anajibu mwenyewe, halafu anawaka! Lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikaa kitako akaandika maoni yake, moto moto: "Wewe unayepiga simu Jumapili ukishashiba, unaijua harufu ya shuka la mgonjwa? Wewe unauguza kwa dakika nne. Wewe umemtupa mzazi wako, na unajua." Hakumwonyesha Kalamu Nyekundu. Akapandisha, akaenda kumgeuza baba.

Kesho yake asubuhi simu ilikuwa imejaa majibu. Yule aliyeandika "Nimeweza" alikuwa ameandika tena: "Mimi nauguza mume, mama yangu yuko mbali, nampigia Jumapili. Kumbe ndivyo unavyoniona." Chini yake kulikuwa na wengine kama yeye. Na ujumbe wa mdogo wake: "Nimejisoma. Sitakuja likizo hii wala hiyo nyingine. Usinipigie."

Fundi alipiga. Simu haikupokelewa. Alipiga tena na tena, akakaa chini pale pale kwenye sakafu ya korido, ndipo Kalamu Nyekundu akaingia na mkate mkononi.

Mama wa watu alisoma andiko lote amesimama. "Hapa maoni yako yako wapi?"

"Si ndiyo hayo yote!"

"Sioni mimi hata moja. Umejificha nyuma ya mlango unarusha mawe, na yamempata kila anayepita. Maoni ni mzigo wako, ubebe. Hebu andika upya kwa kusema 'mimi', tuone kama yatasimama."

Fundi alifuta machozi kwa kanga, akajaribu. Mimi nimeachiwa mgonjwa peke yangu. Kalamu Nyekundu akamuuliza, kwa sauti ya chini safari hii, "Nani alikuachia?" Fundi akafuta sentensi. Mimi sina wa kunipokea. Akafuta na hiyo. Kila aliloanza na "mimi" lilimrudia usoni, likitaka kujua yeye alisema nini, alifanya nini. Ilimchukua asubuhi nzima kufikia mstari huu: Mimi niliulizwa kama nahitaji msaada, nikasema usijali. Nimesema hivyo miaka miwili. Naamini sisi tunaouguza huwa tunadanganya, halafu tunawachukia waliotuamini.

"Siwezi kupandisha hili," alisema. "Ni aibu."

"Basi usipandishe. Lakini lile la jana lishushe."

Alilishusha. Adhuhuri, baada ya kumlisha baba, akalipandisha hili jipya, akazima simu.

Wiki nzima mdogo wake hakusema kitu. Likizo ilianza, Jumamosi ikaja, na mchana Fundi alikuwa anajiandaa kumgeuza baba aliposikia hodi. Mdogo wake alisimama mlangoni na begi, amekaza uso. Alisalimia kama anayesalimia ofisini, akaenda moja kwa moja chumbani, akambusu baba kwenye paji la uso.

"Saa ya kumgeuza?" aliuliza.

"Ndiyo."

Alitoa simu, akafungua Kando ya Kitanda, akaanza kusoma kwa sauti. "Simama upande atakaogeukia. Kunja goti lake..." Akairudisha simu mfukoni.

"Dada, lile jipya nimelisoma, lakini mimi siyo msomaji wako. Nakuuliza tena, mbele ya baba. Unanihitaji?"

Ile "usijali" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi wa Fundi, kwa mazoea. Aliimeza.

"Mimi nimechoka, mdogo wangu," alisema. "Nimechoka vibaya. Nakuhitaji."

Mdogo wake alivua viatu, akazunguka kitanda, akakunja mikono ya blauzi.

"Haya. Goti gani?"

"La mbali," alisema Fundi, akaenda kulala.