Mtungi Uliovaa Kitenge

Picha ya kwanza iliingia saa nne na nusu asubuhi, nikiwa nabadilisha geji ya presha dukani kwangu Kimironko. Kazi yangu ni kujaza na kukagua mitungi ya kuzimia moto. Nimeshaona mitungi iliyotumika kama kizuizi cha mlango, na mmoja uliogeuzwa stuli. Lakini sikuwahi kuona mtungi uliovaa gauni.

Gauni lilikuwa la kitenge, limeubana vizuri, lina marinda chini na tundu dogo la geji kifuani. Aliyetuma picha ni Usumani, mwenye mgahawa wa sambusa na chipsi pale Biryogo. Chini yake aliandika: "Dada Mugeni, mkaguzi wa zimamoto anafika saa tano. Niambie kama iko sawa ya jikoni."

Nikampigia papo hapo.

"Mzee Usumani, nani ameuvalisha mtungi?"

"Twizeyimana, fundi wangu. Jikoni kuna mafuta mengi, itachafuka. Hata redio yangu iko na nguo. Hata thermos."

Hilo nililijua. Kwa Usumani hakuna kitu kilicho uchi. Mtu akiishi kati ya mafundi cherehani, kila kipande cha kitambaa kinapata kitu cha kuvalisha. Nikamwambia avue hiyo nguo anipige picha ya lebo.

"Haina zipu, rwose, haina kabisa. Imeshonewa juu kwa juu."

"Basi chana."

"Hii ni kitenge ya Kongo, dada. Siwezi kuchana kitenge ya Kongo."

Nikashusha pumzi nikairudia picha, nikaikuza kwa vidole. Shingo ya mtungi ilikuwa imetokeza juu ya kola, na ilikuwa ya njano. Nikakumbuka kwamba wiki iliyopita ni mimi niliyemwambia Usumani kwamba kwa kikaango cha mafuta anahitaji mtungi wa njano. Nilikuwa na wateja watatu mbele yangu, nikasema neno moja nikakata simu. Nilikusudia mkanda wa njano, ule ambao baadhi ya viwanda huuchora kwenye mtungi mwekundu wenye dawa ya majimaji ya jikoni. Viwanda vingine havichori mkanda wowote. Siku hizi mitungi ya kuzimia moto karibu yote ni myekundu mwili mzima, na mtungi ulio wa njano mpaka shingoni una maelezo ya kutoa.

Nikatazama mpira wa kupulizia na mdomo wake. Mpira mfupi, mdomo mwembamba wa plastiki. Mtungi wa dawa ya jikoni kwa kawaida una bomba refu la chuma mbele, limepinda mwishoni, ili mtu asimame mbali na dawa itue juu ya mafuta polepole kama manyunyu. Hapa bomba halikuwepo. Wa gesi ya kaboni pia haukuwa, kwa sababu wa gesi hauna geji, na mdomo wake ni mpana, mweusi, kama tarumbeta. Kwa hiyo ulikuwa wa maji, wa povu au wa unga. Mdomo unaweza kukuambia kile ambacho mtungi sio. Kilichomo ndani, lebo ndiyo inasema.

"Mzee, huo si wa jikoni. Usiuguse mpaka nione lebo."

"Lakini iko ya njano," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeonewa.

"Ulinunua njano?"

Nyuma yake nikasikia mafuta yakianza kuimba kwenye karai, na mpishi wake Alida akiuliza kama aanze sambusa. Alida alikuja kutoka Bujumbura, ana watoto wawili, na siku nzima husimama hatua moja tu kutoka kwenye yale mafuta. Nilimfikiria yeye, sikumfikiria mkaguzi.

"Nilinunua nyekundu," Usumani alikiri. "Muuzaji hakukuwa na njano. Nikapaka mwenyewe. Mikono miwili ya rangi, mmoja juu ya mwingine. Lebo nilizunguka na brashi vizuri, haina hata tone."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda, kwamba kama hachani kitenge naja kukichana mwenyewe kwa meno. Akaita Twizeyimana aje na mkasi. Twizeyimana akaja, na kwanza wakabishana. Fundi alitaka kufumua mshono taratibu ili gauni livaliwe tena. Alida akaitwa ashike mtungi usiyumbe, kwa kuwa mshono ulipita mgongoni. Watu wazima watatu wakauinamia mtungi kama wanamvua mgonjwa.

Karai likabaki peke yake.

Picha ya pili ikaingia, simu ikiwa bado hewani, Usumani ameiweka spika. Gauni lilikuwa limefunguka upande, na lebo ilionekana safi kweli. Herufi A. Mchoro wa kuni zinazowaka. Pembeni, mchoro wa waya wa umeme umekatwa kwa mstari mwekundu, na chini yake mchoro wa kikaango, nao umekatwa. Mtungi wa maji. Mzuri kabisa kwa kuni, karatasi, magodoro. Maji yakiingia kwenye mafuta yanayowaka huzama, huchemka ghafla na kuyarusha juu, na jiko zima hugeuka moto.

Nilikuwa naanza kusema hivyo nikasikia Alida: "Bosi, karai imewaka."

"Dada Mugeni," Usumani akasema, na naapa alikuwa amefurahi, "Mungu ametuletea jaribio kabla ya mkaguzi. Nimetoa pini tayari. Nipulize?"

"Usipulize."

"Iko ya njano."

"Ni maji, mzee. Ni maji uliyoyapaka rangi. Ukibonyeza utamuunguza Alida uso wote. Weka chini."

Sikujua kama ameweka. Nilisikia tu vumo la moto. Nikapaza sauti nikamwita Alida kwa jina, nikamwambia kama anaufikia mkono wa kufungia gesi ya jiko bila kupita juu ya karai aufunge, kisha achukue mfuniko mkubwa ausukume juu ya karai kutoka upande wake, kama anajikinga nao, na asilisogeze karai hata kidogo. Nikasikia bati likigonga chuma. Halafu hakuna kitu.

"Alida?"

"Ndiyo, dada. Imezima."

"Usifunue. Acha mpaka ipoe kabisa. Mko salama?"

"Mzee amekaa chini. Ameukumbatia mtungi."

Nilifunga duka, nikapakia kwenye pikipiki ya abiria mtungi wa dawa ya jikoni na blanketi la moto, nikashuka Biryogo. Mkaguzi alikuwa ameshafika, ameketi nje, anakunywa chai na kusubiri karai lipoe. Usumani akaanza kunitambulisha kwa maneno mazuri. Nikampita.

Alida alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Nikamwambia mambo yalivyokuwa: kwamba neno njano lilitoka kinywani mwangu, nusu nusu, kwa haraka, na kwamba ningemponza. Nilimwomba msamaha. Aliuchukua mtungi niliouleta, akaugeuza mpaka lebo ikamtazama, akapitisha kidole kwenye michoro.

"Hii ni karai?"

"Ndiyo."

"Haijakatwa na mstari."

"Haijakatwa. Na herufi yake ni F."

Akagusa lile bomba refu, akalipima kwa mkono wake kuanzia kiwikoni. Usumani akasema wateja wanakuja, awashe basi. Alida hakugeuka.

"Bosi, nikiwa sijamaliza kusoma, siwashi."

Akarudi juu ya lebo akaanza upya, na sisi wote, pamoja na mkaguzi, tukamngojea.